Tikiti Kumi za Fundi Cherehani

Samansi ilinikuta shambani, upande wa Ruiru, nikiwa juu ya ngazi nachuma kahawa. Askari wa mahakama aliifikisha kwa nyapara, na nyapara akaisoma kwa sauti kabla ya kunipa, ili safu nzima isikie. Nilikuwa nadaiwa shilingi mia na hamsini na fundi cherehani wa Thika, na nilitakiwa nifike mbele ya wazee wa mahakama ya Waafrika mjini humo baada ya wiki tatu.

Deni lilikuwa la kweli. Fundi huyo, Mkamba wa makamo aliyeshona kaptula za kaki kwenye baraza ya duka la Mhindi, alinikopesha ninunue gramafoni. Nilipanga kuzunguka nayo kwenye kambi za vibarua kila Jumapili, watu walipe senti kumi wasikie santuri. Tuliandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, nilipe baada ya miezi mitatu. Springi ilikatika wiki ya tano, maana nilikuwa nimeifungua nione kinachoizungusha. Badala ya kwenda kumwambia, nikaenda Naivasha, kisha Nakuru, kisha Naivasha tena. Mimi ni mtu wa magharibi ya nchi, na hata wakati ule wa Hali ya Hatari ya wakoloni, wenzangu Wakikuyu walipokuwa hawavuki barabara bila pasi, mimi nilisafiri nilivyotaka. Miezi minane ikapita. Halafu nikarudi kuchuma kahawa maili kumi na mbili kutoka kwa mtu ninayemkimbia. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Niliacha shule darasa la nne, lakini barua naweza kuandika. Nilimwandikia kwamba deni nalikubali lote. Gramafoni nimemuuzia fundi wa saa kwa shilingi thelathini, na hizo namletea mkononi. Mia na ishirini iliyobaki nitalipa kumi na mbili kumi na mbili, mara kumi. Nilimwomba aiondoe kesi. Jumapili nikatembea hadi Thika nikampa barua na pesa pamoja.

Alihesabu pesa kwanza. Kisha akasoma, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali.

"Kumi na mbili mara kumi, sawa. Lini?"

"Kila nikimaliza tikiti, mzee."

"Mimi nimeuliza lini. Tarehe."

Nikamweleza. Shambani hatulipwi kwa mwezi. Karani anakupa tikiti yenye nafasi thelathini, na kila siku uliyofanya kazi anaitia alama. Zikijaa thelathini, unalipwa. Jumapili haihesabiwi, ukiugua haihesabiwi. Kwa hiyo tikiti moja huchukua wiki tano, pengine zaidi.

"Andika tarehe thelathini."

"Tarehe thelathini sitakuwa na pesa. Tikiti itakuwa imefika ishirini na mbili."

"Basi kopa za hizo siku nane."

"Kwa nani? Nikope ili nilipe mkopo?"

Aliitazama cherehani kana kwamba ndiyo imemjibu hivyo. Huyu alilipwa kwa kila kaptula, siku ile ile aliyoimaliza, na hakuna namna ningeweza kumwingiza kichwani kwamba mwezi wa shambani hauna siku ya mwisho. Nilichora tikiti kwa chaki yake kwenye kipande cha kaki, visanduku thelathini. Alikasirika kwamba naharibu kitambaa cha mtu.

"Ngoja," akasema hatimaye. "Usipokwenda kazini, tikiti haijai?"

"Haijai."

"Na isipojaa hulipwi. Na usipolipwa, hunilipi." Akacheka, cheko la hasira. "Kijana, umetengeneza deni linalolala ukilala!"

Hapo alinipata. Nilikuwa sijaliona jambo hilo, na nilijaribu kuapa, lakini aliniambia viapo vyangu nivipeleke Naivasha.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa karani wa mahakama, kijana mwenye kola iliyokazwa ambaye alitusikiliza huku akipiga mihuri. Alisema kisheria tikiti sharti ijae ndani ya siku arobaini na mbili. Basi tuandike: malipo ni siku ya kufunga tikiti, na kwa vyovyote isipite siku ya arobaini na mbili. Nikikosa mara moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Mimi nilifurahi, nikadhani tumemaliza.

"Na aondoe kesi," nikasema.

"Siondoi kitu," akasema fundi. "Nimelipa ada shilingi nane."

Karani alishusha muhuri. "Mzee akiondoa kesi na wewe ukatoroka, ataanza upya na ada nyingine. Lakini mkisimama mbele ya wazee mkasema mmepatana, makubaliano yanaingia kwenye kitabu. Ukikosa, anarudi kudai utekelezaji tu, hakuna kesi nyingine. Na wewe, usithubutu kukaa nyumbani kwa sababu mmepatana. Usipofika siku hiyo, utahukumiwa ulipe yote kwa mara moja."

Nikakubali. Nikakubali pia kurudisha zile shilingi nane. Kisha fundi akatoa lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

"Andika kwamba hataondoka shamba hilo mpaka amalize."

Nilipiga hesabu. Tikiti kumi za wiki tano tano ni karibu mwaka mzima. Tangu niache shule sikuwa nimekaa mahali pamoja hata miezi minne. Nilimwambia karani pesa ninakubali, ada ninakubali, lakini kufungwa kama mbuzi sikubali.

"Mbuzi hujulikana alipo," akasema fundi.

"Mzee, nikipata kazi ya mshahara mkubwa zaidi huoni utalipwa upesi?"

"Uliniambia hivyo hivyo juu ya gramafoni."

Tulibishana mpaka karani akaanza kufunga madirisha. Nilisema nitatoa habari kabla ya kuhama. Fundi akasema habari haishoni kaptula. Mwishowe nikatoa wazo lililotoka kwenye ukaidi tu: nikitaka kuhama, nilipe kwanza tikiti mbili za mbele, shilingi ishirini na nne, ndipo niende. Fundi alinitazama kuanzia viatu, kama anayepima suruali.

"Haya," akasema. "Andika hilo."

Siku ya kesi mzee mmoja wa mahakama alituuliza kama hakuna aliyelazimishwa. Tukasema hakuna. Karani akasoma, fundi akatia dole gumba ingawa kuandika anajua, mimi nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Nje fundi alinishika mkono akasema, "Ishirini na nne." Nikamwambia asubiri tu, tikiti ya tatu haitanikuta Ruiru.

Alinijua kuliko nilivyojijua. Baada ya tikiti ya pili nilinunua tochi, nikaifungua. Baada ya tikiti ya nne, dereva wa lori alitaka utingo wa kwenda Moshi, na mimi Moshi nilikuwa sijaiona. Nilikuwa na kumi na tisa mfukoni. Nilizunguka kambi nzima nikiomba shilingi tano, na kila mtu alikuwa amesikia samansi ikisomwa. Lori likaondoka saa nne asubuhi. Nikapanda ngazi nikachuma kahawa kwa hasira, matawi yakavunjika, nyapara akanikata alama ya siku hiyo.

Nililipa zote kumi nikiwa pale pale Ruiru. Shilingi ishirini na nne kwa pamoja sikuzipata hata mara moja.