Nilipopatana Bei na Tapeli wa Mtandaoni

Nakaa ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, juu kabisa ya maduka ya vyerehani, na bado ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, niliagiza ng'ambo kwa simu. Sababu ni kushuka ngazi. Mimi ni fundi wa kushonea chumbani. Wateja wanapanda, mimi sishuki. Dada yangu mkubwa, muuza viatu vya mtumba Mchikichini, ananiita mwali, mimi mwanamume mzima, kisha anasema hata mwali wa kwetu kusini, anayefungiwa ndani, siku yake ya kutolewa nje inafika.

Tangazo lilisema mashine ya chuma, nyuzi nne, kilo ishirini na tano. Nikalipa kwa kadi ya benki akiba yangu yote, niliyoiweka ili niache kupeleka nguo za watu kwa fundi mwingine kupigwa ovaloki. Kilichofika nilikipandisha kwa mkono mmoja: kidude cha plastiki cha kushona pindo moja, kikichoka kinapumzika.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu: baki nacho, nakurudishia asilimia kumi na tano. Mtu mwingine angekataa. Mimi nimekulia Kariakoo. Ukitajiwa bei, damu inachemka. Nikamwandikia, sitini. Akasema ishirini. Nikashuka hamsini. Tulivutana siku mbili, nikajiona mjanja, mpaka akanyamaza.

"Nenda benki useme kadi imeibiwa," dada akanishauri. "Watakuonea huruma. Sura ya kuibiwa unayo."

Nikaenda na sura yangu. Mhudumu, binti mpole, alinisikiliza kisha akaniuliza, "Kaka, ile namba ya kuthibitisha malipo ilikuja kwenye simu ya nani?"

"Yangu."

"Na mzigo ukapokea wewe. Sasa mwizi yuko wapi?"

Nikaisukuma simu yangu mfukoni.

"Ukisema uongo, benki ya muuzaji italeta hiyo namba na sahihi yako ya kupokea, na kesi imekufa. Sema kweli: ulichopewa sicho kilichotangazwa. Hilo ni pingamizi halali. Sisi tutadai kwa benki yake kupitia mtandao wa kadi, yeye atapewa nafasi ya kujibu. Lakini kuna kikomo, kwa kadi yako siku mia na ishirini tangu upokee. Una ushahidi gani?"

Nilikuwa na picha ya tangazo, bahati tu, niliipiga siku ya kununua nikamtambie dada. Nilikuwa na risiti. Nikampa na mazungumzo yangu na muuzaji. Alisoma akafunika mdomo.

"Kaka, umepatana bei."

"Nilikuwa nakaribia kupata hamsini."

"Hapa inaonekana umekubali kubaki nacho, mnabishania punguzo tu. Wapi ulimwambia unataka kukirudisha?"

Sikumwambia popote. Akanielekeza: niandike, siyo nipige simu, niseme sitaki punguzo, nataka kurudisha mzigo na kulipwa chote, anipe anwani ya kurudishia. Nimpe siku kadhaa, kisha nirudi. Na boksi nisitupe. Boksi tayari dada alikuwa amelichukua kupangia sandali zake. Nililifuata mwenyewe Mchikichini, kwa miguu.

"Mwali katoka," akawatangazia wenzake. "Leteni ngoma."

Nikamwaga sandali zake mezani nikaondoka nalo. Kwenye lebo ya msafirishaji palikuwa na uzito: kilo moja na nusu. Nikapiga picha lebo, na kidude juu ya mzani wa muuza mchele. Muuzaji nilimwandikia mara mbili kama nilivyoelekezwa; anwani niliyoomba haikuja. Nikarudi benki nikajaza fomu ya pingamizi, kwa ufupi, tarehe kwa tarehe, bila matusi, ingawa niliyaandaa mazuri.

Baada ya wiki kadhaa benki ikaniita. Muuzaji kajibu, na kaleta nini? Mabishano yetu ya bei. Hapohapo kanitumia ujumbe: asilimia arobaini, ufute pingamizi.

"Chukua," dada akasema. "Juzi ulikuwa unalilia hamsini."

"Sichukui hata tisini."

"Jeuri ya kukaa ndani hiyo."

"Ndiyo hiyohiyo."

Nikaandika jibu: hakuna bei tuliyokubaliana, hakuna hata senti aliyorudisha, na baada ya hapo nilimwomba anwani mara mbili, ujumbe huu hapa na tarehe zake. Kilo ishirini na tano zimekuwaje moja na nusu, kwa lebo ya mzigo alioutuma mwenyewe? Arobaini yake sikuijibu.

Siku binti wa benki aliponipigia kuniambia kwamba muuzaji hakuendelea kubisha, na kwamba pesa yote imerudi kwenye kadi, dada alikuwa kwangu, anakizungusha kile kidude mkononi.

"Basi nipe nikashonee mikanda ya viatu."

"Weka chini. Siyo changu. Nilisema nitakirudisha, na nitakirudisha siku atakayoleta anwani."

"Haleti huyo."

"Basi kitakaa."