Vikopo vya Mama Choo

Watoto walimwita mtaalamu wa lishe wa shule Mama Choo, naye aliitika bila kununa. Mwalimu mkuu alitaka wanafunzi wote waliopauka wapewe vidonge vya madini chuma vya kuongeza damu, basi.

"Mwalimu, minyoo ya safura inawanyonya damu, na wengine wana malaria. Tupime kwanza."

Akawatoboa vidole kupima damu, akakusanya vikopo vya choo cha kupima minyoo mpaka ofisi ya mkuu ikanuka. Wenye malaria walitibiwa kwanza, shule nzima ikameza dawa ya minyoo, kisha waliopungukiwa damu wakapewa vidonge. Jikoni maharage na mboga za majani ziliongezwa, chai ikaondolewa kwenye mlo kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini chuma.

Muhula uliofuata mkuu alimlalamikia, "Zamani walisinzia, sasa wananipigia kelele!"

"Pole, Mwalimu," alisema, akicheka mpaka machozi.