Nyanyake Halima Mlangoni Petu

Juzi Halima alinipigia simu kabla ya kwenda Maka, akaniomba nimsamehe makosa yake yote. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, harufu ya chai ikikaushwa kiwandani, nyanya yake akipita nyumba zetu za wachuma chai mlango kwa mlango na maneno hayo hayo.

Nilimchukia. Nilidhani anazunguka kujigamba kwamba atapanda ndege, na mamangu alikuwa amehiji kwa miguu hadi Subukia, kwa Bikira Maria, akarudi na malengelenge tu. Sikujua kwamba kwao Waislamu, ukimkosea mtu, lazima yeye akusamehe kwanza.

"Mama Akinyi," alisema, "nilikusingizia kwa nyapara. Siwezi kufika kwa Mungu na hiyo. Nisamehe."

Mama aliweka sufuria chini, akalia, kisha akamwambia yule bibi:

"Mama, Subukia niliomba hasira yangu kwako initoke, nikarudi nayo. Sasa imetoka."

Akamkumbatia kwa muda mrefu. Mimi hakuwahi kunikumbatia hivyo.

Nilimwambia Halima nimemsamehe. Hajawahi kunikosea. Ni mimi niliyemwonea wivu miaka yote hii kwa kumbatio alilopewa nyanya yake, na simu ilikatika kabla sijamwambia.