Siku Tuliposema "Tufunge"

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari nilikuwa nimebakiza mzaha mmoja tu. Prefe, mkuu wa shule yetu ya Panda, alinihesabia mwenyewe: nilikuwa nimemwiga akipanda ngazi, nikamwiga akishuka, na siku ya misa ya shule nikaitikia "Amina" kwa sauti yake. "Mmoja tena," akasema, "na unabaki kwenu mpaka mwaka uishe. Mtihani wa taifa utausikia kwa redio." Mama alipopata habari hakunipiga. Aliacha tu kuniita kwa jina, akawa ananiita "ule mutoto wa baba yake." Hapo nikajua mambo ni mazito.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa siasa akatuletea mchezo. Kabla ya kuja kwetu, mwalimu huyu alikuwa akiandika ripoti za mikutano ya mawaziri huko mji mkuu, na alipenda kusema kalamu imeona mengi kuliko mdomo. Vitabuni, alituambia, nchi huonekana kama mtu mmoja mwenye akili timamu: anajua anachotaka, anapima njia zote, anachagua iliyo bora. "Picha hiyo inasaidia," akasema. "Lakini mezani hakukai nchi. Kunakaa watu."

Akatugeuza baraza la mawaziri la nchi isiyokuwepo. Jirani yetu, nchi nyingine isiyokuwepo, alikuwa amezuia malori yetu, makamyo kumi ya shaba, bila sababu. Tufanye nini kabla ya saa sita? Binti mkuu wa darasa akawa Waziri Mkuu. Rafiki yangu mnene, golikipa wa shule, akapewa Ulinzi. Msichana mmoja wa Kapolowe, mpole, akapewa Biashara. Minye, yaani mimi, nikapewa Usafiri. Mwingine akapewa daftari la ripoti. Kila waziri alipata kikaratasi cha siri chenye habari za wizara yake.

Changu kilisema: makamyo yetu mengine sitini yako upande wa jirani, yanarudi nyumbani. Mpaka ukifungwa, yanabaki huko.

Nilikuwa najiandaa kukisoma wakati mlango ulipofunguka. Prefe akaingia, akaketi nyuma, mikono kifuani. Nikameza maneno. Kila neno langu, hata salamu, darasa hulicheka kabla halijafika mwisho. Ningesema "makamyo" tu, wangeangua kicheko, na kicheko hicho kingenirudisha kwa mama. Nikaamua kukaa kama sanamu ya mtakatifu.

Waziri Mkuu alifungua mkutano kwa kusema anachotaka. "Jirani anatuzarau. Minye naona mpaka ufungwe. Muko na mawazo gani?"

"Wale ni waoga," Ulinzi akasema. "Siku mbili, wanapiga magoti."

Biashara akainua kidole nusu, kwa ajili ya unga wa ugali. "Lakini bunga ya bukari inatokaka kwao…"

"Weye uko waziri wetu ao wao?" Ulinzi akamkatiza. Watu wakacheka. Kidole kikashuka. Biashara akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari.

Kengele ya mapumziko ilikuwa karibu, harufu ya beignets, maandazi ya mama anayeuza getini, imeshaingia dirishani. Waziri Mkuu akakusanya karatasi zake. "Basi, tufunge?"

"Tufunge!" tukaitikia kama kwaya.

Mwandishi akasoma ripoti: "Baraza, kwa sauti moja, limeamua kufunga mpaka."

Mimi niliposema "tufunge" nilimaanisha tufunge mkutano, tukale. Lakini nikaona wenzangu wametulia, nikajiambia labda ni mimi pekee niliyeelewa vibaya. Tena, Prefe alikuwa palepale.

Mwalimu akafunga mlango. Hakuna kwenda kula. "Waziri Mkuu, uliuliza kufunga nini?"

"Mukutano, Mwalimu," akasema polepole. "Mambo ya mpaka nilifikiri tutaamua tukitoka kula."

"Na nyinyi?"

Nusu walimaanisha mkutano. Wengine walisema mpaka kwa sababu jirani yao wa dawati alisema. Mwalimu akaamuru kila mmoja asome kikaratasi chake kwa sauti. Biashara: bunga ya nchi nzima hupitia mpaka huo, ghalani imebaki ya wiki mbili. Ulinzi, huku jasho likimtoka: jeshi halina watu wa kutosha kulinda mpaka mzima. Kisha mimi, na makamyo yangu sitini. Hakuna aliyecheka.

"Huo ndio ugonjwa wa kufikiri kikundi," mwalimu akasema. "Wanaopendana, wanaoogopana, wenye haraka. Mkubwa anasema kwanza. Adui anafanywa mjinga. Mwenye shaka anaitwa msaliti. Waliobaki wanajifunga mdomo wenyewe, na kila mmoja anadhani kimya cha mwenzake ni ndiyo. Kila kitu mlichohitaji kilikuwa mezani, kwenye vikaratasi vyenu."

Kisha akanigeukia. "Weye, mubishi wa kila siku, leo ulikuwa umekufa?"

"Nilikuwa naogopa, Mwalimu."

"Kuogopa nini?"

Macho yangu yenyewe yalikwenda nyuma, kwa Prefe.

Duru ya pili ikaanza. Mwalimu akaamuru Waziri Mkuu aseme mwisho. Na mmoja apewe kazi ya kupinga kila hoja, kwa amri, asilaumiwe. Mwalimu akanyoosha kidole kwangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Ulinzi akarudia kwamba jirani ni mwoga, atapiga magoti kwa siku mbili. Nikasimama. "Mheshimiwa, kama ni mwoga hivyo, mbona alikamata makamyo kumi? Na sisi mashujaa, siku ya kumi na tano tutapiga magoti mbele ya sufuria tupu. Weye mwenyewe unakulaka bukari tatu kwa siku. Utaanguka wa kwanza."

Darasa likalipuka. Nikafumba macho, nikimwona mama.

Lakini Waziri Mkuu akagonga meza: "Munyamaze! Swali lake lijibiwe." Ulinzi akapekua kikaratasi chake. Mwalimu akamhamishia kwenye kiti cha Biashara, na Biashara akahamia Ulinzi. Dakika tano hazijapita, golikipa alikuwa akililia bunga kama mjane, na yule mpole wa Kapolowe anadai doria.

"Mumeona?" mwalimu akasema. "Kiti ndiyo kinasemaka. Huo ni ugonjwa mwingine, si ule wa kwanza. Kule wote walikubali upesi. Hapa kila wizara inavuta kwake, na uamuzi ni kile kinachobaki kamba ikisimama."

Kilichobaki kilikuwa hiki: bunga ipite, bia na saruji za jirani zizuiwe, doria ndogo ionekane ili Ulinzi asiaibike, mjumbe aende kudai makamyo kumi, na mpaka usiguswe hadi yale makamyo sitini yarudi. Hakuna waziri aliyeingia akitaka hivyo. Wote tulitia sahihi.

Prefe akaja mbele. Akachukua daftari la ripoti, akasoma kurasa zote mbili, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Mwanafunzi huyu," akasema bila kunitazama, "mara ya kwanza alinyamaza, na nchi ikakosa bunga. Mara ya pili alichekesha, na nchi ikala. Mwalimu, nimwazibu kwa ipi?"

"Kupinga ilikuwa kazi yake, Prefe. Mimi nilimupa."

Prefe akafunga daftari. "Bon, sawa. Hesabu ya mizaha ibaki palepale. Leo haihesabiwi." Akamrudishia mwandishi daftari, akanigeukia. "Na siku za mbele, kama unajua kitu, useme; usisingizie kuniogopa minye."

Nilitoka nje. Nilinunua beignets nne, nikala mbili nimesimama, mbili nikampelekea mama. Alizitazama, akanitazama, akaniita kwa jina na kuniuliza nimefanya nini tena.