Roda za Eustaki

Pale Kivukoni, mahali mto Kilombero unapokatiza safari ya mtu atokaye Ifakara kwenda Mahenge, watu waliujua mgongo wa Eustaki kabla hawajaijua sura yake. Pantoni ya miaka hiyo haikuwa na injini. Kamba nene ilikazwa toka ukingo huu hadi ule, ikapitishwa kwenye roda mbili kubwa, magurudumu yenye mfereji wa kamba, zilizofungwa ubavuni mwa chombo, na wanaume wakasimama mstari mmoja wakaivuta kwa nyimbo na kutaniana mpaka lori la mpunga likafika ng'ambo. Eustaki alisimama wa kwanza na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Abiria walimwona kwa nyuma tu, mgongo mpana unaong'aa jasho, na yeye mwenyewe alijua kwamba wanamtazama. Hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

Masika ile maji yalikuja na gogo. Gogo likaigonga pantoni, kamba ikakaza ghafla, na bega la kulia la Eustaki likatoka mahali pake. Katika hospitali ya misheni ya Ifakara walilirudisha, wakamfunga mkono kifuani, na ulipofunguliwa baada ya majuma mengi ulikuwa umenyong'onyea, haufai hata kuinua ndoo ya maji ya kunawa. Natalia, mkewe, alimsongea ugali akamwekea samaki kitoga mnono, akidhani mkono utanenepa. Kilichonenepa ni tumbo.

Mzee Mwinyimvua, nahodha wa pantoni, alimpenda Eustaki lakini alimwogopa zaidi mto. Akaja kumwona nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Nafasi yako ameishika Evaristo kwa muda. Masika ijayo maji yakianza kupanda, sitaweza kukaa na mvutaji wa mbele wa kuazima. Kabla ya hapo utavuta mbele yangu. Ukiweza, nafasi ni yako. Usipoweza, itakuwa ya Evaristo, na mimi na wewe tutabaki ndugu."

Eustaki aliitikia kwa kichwa. Mzee alipoondoka, alikaa akaukodolea macho ule mkono wake kama mtu anayemtazama mdeni asiye na aibu. Kuacha pantoni kwake kulikuwa kuacha jina lake. Alilima mpunga kama kila mtu, lakini hakuna aliyewahi kumsifu kwa mpunga.

Kwenye baraza ya hospitali, waliovunjika na waliopooza walinyooshwa viungo kila asubuhi na Yosefina, binti wa kijiji cha Kisawasawa aliyesomea kazi hiyo kidogo Dar es Salaam. Bwana mkubwa wa baraza alikuwa Bruda Gerold, lakini mwaka huo alikuwa likizo kwao Ulaya. Siku moja ikaja bahasha yake yenye picha moja. Ilikuwa pembe ya chumba cha mazoezi kwao, na nyuma yake aliandika kwa ufupi kwamba sanduku lake lina nafasi ya aina moja tu ya vyombo vile, basi wachague wanachokihitaji na wamjibu upesi.

Picha ilipita mkono kwa mkono, maana hapo barazani hakukuwa na siri. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imefifia kidogo, na kila kitu kilichokuwemo kilikuwa cha mviringo. Kila mtu akaona alichozoea kukiona.

Muhidin mwenye duka, aliyekuja kunyooshwa goti, aliweka kidole juu ya matufe ya chuma yenye mshikio mnene juu. "Haya ni mawe ya mizani. Yale ya kupimia magunia. Bruda anataka kufungua duka?" Mvuvi mmoja wa kifundo kilichoteguka aliona mpira, akasema ukikaushwa vizuri unafaa kuelea kwenye nyavu. Eustaki hakuwasikia. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa picha, ambako maduara bapa matano, makubwa na madogo, yalikuwa yameegeshwa, kila moja na tundu katikati.

"Roda!" akapaza sauti. "Jamani, roda hizi! Wazungu wametengeneza mashine ya kuvutia kamba!"

Yosefina aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga, akamwita Eustaki kwa jina la mwanawe. "Subiri, Baba Aurelia. Tuangalie taratibu. Kitu kilichoegemea ukuta ni bapa, mpira hauegemei, unabingirika. Huu hapa ni mpira wa ngozi, tazama mishono yake. Ndani umeshindiliwa uwe mzito. Mnarushiana na kudaka kwa mikono miwili, unafundisha kiuno na tumbo na mikono kufanya kazi pamoja."

"Kwa hiyo si wa nyavu," alisema mvuvi kwa masikitiko.

"Ukiutia kwenye nyavu utazama, uje uuvue wewe. Na haya ya Muhidin si ya mizani, ingawa ni mazito kweli. Uzito wote uko chini ya mshikio. Unalibembeza toka kati ya miguu hadi kifuani, na nguvu inatoka nyongani na kwenye mapaja, mkono unashika tu. Linakaza kiganja kweli kweli. Lakini kulibembeza kwa bega lililotoka juzi, hapana. Tunavyotaka ni hivi vidogo." Alionyesha vyuma vifupi vilivyolala sakafuni, kila kimoja kina vichwa viwili na kipini katikati. "Dambeli. Kila mkono unashika chake. Mkono mgonjwa unapewa chepesi, na mkono mzima hauwezi kuusaidia kwa siri."

"Na hizi zangu?" Eustaki alikuwa bado na kidole kwenye duara.

"Hizo nadhani ni sahani za chuma. Zinavishwa kwenye mtaimbo mrefu, huku na huku, mtu anauinua kwa mikono yote miwili. Unaongeza sahani kadiri nguvu zinavyoongezeka. Ila mtaimbo wenyewe siuoni hapa."

"Huuoni kwa sababu haupo! Dada Yosefina, nakuheshimu sana, lakini mimi nimekua na roda. Roda ina tundu, hii ina tundu. Roda ni duara, hii duara."

"Roda ina mfereji wa kamba pembeni."

"Picha imepigwa usoni. Mfereji utauonaje?"

Yosefina aliitazama picha tena, na ilikuwa kweli: toka mbele, ukingo haukuonekana. Wagonjwa nao walimpigia Eustaki makofi, maana wagonjwa hupenda mwenzao anaposhinda. Yosefina mwenyewe alikuwa ameziona sahani hizo mara moja tu, tena kwa mbali. Akapumua, akaandika jibu: yale maduara bapa.

Miezi ile ya kungoja, Eustaki alikuwa na raha isiyo na kifani. Kijiji kizima kilielezwa habari za mashine. Natalia alisikiliza mara nyingi mno, mpaka siku moja akamwambia, "Baba Aurelia, mashine ikija, nami iniletee kuni."

Sanduku lilifika kwenye lori toka Kilosa, mvua za vuli zikinukia. Lilifunguliwa barazani. Eustaki akaingiza mkono mzima, akatoa duara la kwanza, akaligeuza kutazama ukingo.

Ukingo ulikuwa laini kama wa sinia. Hakukuwa na mfereji.

Akatoa la pili. Akatoa yote. Makubwa, ya kati, madogo yasiyozidi mkate, hakuna hata moja lenye mfereji, na chini ya sanduku hakukuwa na mtaimbo. Muhidin akaanza kucheka, na wote wakafuata. Eustaki alijaribu kucheka nao akashindwa. Machozi yalimlenga, na hakuona haya kuyafuta. Masika ilikuwa inakaribia, dambeli ziko Ulaya, na mchaguzi alikuwa yeye.

Yosefina hakusema "nilikwambia." Alikwenda akakata mti mrefu ulionyooka, akavisha sahani huku na huku, akamwambia ainue. Eustaki aliinua, na watu wakashangilia. Lakini Yosefina alikuwa anatazama mti. Upande wa kushoto ulipanda mapema, wa kulia ukabaki nyuma umeinama.

"Mkono mzima unafanya kazi ya miwili," alisema. "Hivi huu mwingine utalala mpaka Pasaka."

Ndipo Natalia, aliyekuwa amekaa pembeni na kapu lake, akachukua sahani mbili ndogo, akazitazama, kisha akatazama mti mrefu. "Si muukate mfupi?"

Wakamtazama.

"Ile mliyosema ina vichwa viwili na kipini katikati. Vichwa si hivi? Kipini si kijiti?"

Yosefina alimkumbatia hapo hapo. Kijiti cha mninga kilichongwa, sahani ndogo moja kila mwisho, zikapigiliwa kabari za mti zisichomoke, na cha pili kikatengenezwa kama hicho. Dambeli zikawa zimezaliwa Ifakara. Kila asubuhi Eustaki aliinua ya kulia kando, mbele na juu, polepole, Yosefina akimkemea alipoharakisha. Mkono ulitetemeka kama wa mzee, ukauma, ukachoka, kisha siku moja ukaacha kutetemeka. Yosefina akabadilisha sahani, akaweka nzito kidogo.

Lakini kuinua si kuvuta, na Eustaki alijua hilo kuliko yeyote. Akaenda kwa Mzee Mwinyimvua kuazima roda mbili kuukuu za akiba. Akaifunga moja kwenye boriti ya baraza, na nyingine chini ya nguzo, akachukua kamba, akaipitisha kwenye tundu la sahani kubwa na kuifunga fundo nene. Ncha ya pili akaizungusha kwenye roda ya juu, kisha ya chini, akarudi nyuma, akasimama kama alivyosimama Kivukoni. Akavuta mkono kwa mkono. Sahani ikapanda. Akaanza kuimba.

Wagonjwa waliitikia kiitikio. Muhidin akasema kwamba hatimaye mashine ya kuvutia kamba imefika, imechelewa tu njiani.

Siku ya kuvuta, maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mzee Mwinyimvua alisimama juu ya pantoni na mikono nyuma, hakusalimia mtu zaidi ya ilivyopasa. Lori la mpunga likapanda, mbao zikalia. Evaristo akasogea nyuma, akaacha nafasi ya mbele wazi, na Eustaki akaishika kamba. Katikati ya mto mkondo ulisukuma, kamba ikakaza kama siku ile ya gogo, na Natalia aliyekuwa ukingoni akaziba macho. Bega lilishika. Wimbo haukukatika.

Walipogusa ng'ambo, nahodha alimwendea Eustaki akamshika bega la kulia, akalibonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni.

"Nasikia umefanya mazoezi kwa sahani," alisema.

"Roda, mzee," Eustaki akamjibu huku akihema. "Zilikuja bila mfereji tu."

Mzee Mwinyimvua akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akageuka kwa wavutaji. "Haya, turudi. Eustaki, anzisha wimbo."