Yaya Asiye na Mzigo

Yunusi alikijua Kiingereza kwa kukaa Unguja miaka mingi kwenye ghala la karafuu. Mjerumani alipokuwa akitawala, na reli ikawa imeshafika Morogoro, kampuni moja ya Waingereza ilinunua shamba la mpira njia ya Bigwa, naye akaajiriwa kuwa karani.

Siku moja bibi wa meneja alimwita barazani. Alikuwa na mtoto mchanga begani, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Akampa karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza: anatafuta yaya.

"Iweke kwa Kiswahili," alisema. "Iandike vizuri, watu wapende kuja."

Yunusi akaketi kuandika. Kuogesha mtoto, kuchemsha maziwa, kufua nguo zake, kulala naye chumba kimoja: hayo hayakumsumbua. Sifa nazo zilikuwa wazi, awe msafi na mwenye tabia njema. Kisha akakuta neno moja, kwamba yaya asiwe na mzigo. Akarudi barazani kuuliza ni mzigo gani.

"Mtoto," bibi alijibu. "Au mtu yeyote anayemtegemea."

Alirudi mezani akiwa na moyo mzito. Angeandikaje hivyo kwa Waluguru, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamke asiye na mtoto huonewa huruma? Tangazo lingekuwa tusi. Akatafuta maneno laini: "Anakaribishwa mwanamke aliye tayari kukaa shambani siku zote. Atapata chakula, nguo na chumba kizuri." Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, alisomewa, akafurahi.

Tangazo lilibandikwa sokoni na stesheni. Nakala moja ilipanda mlimani mpaka Kinole, katekista akaisoma baada ya sala. Scholastika aliisikia. Alikuwa mjane, na binti yake Agnes ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Alishauriana na mama yake na mjomba wake. Tangazo lilisema kukaa shambani, naye alikuwa tayari kukaa. Akambeba Agnes mgongoni, akashuka.

Bibi alimpenda mara moja. Mtoto aliyekuwa akilia tangu asubuhi alinyamaza mikononi mwake. Ndipo Agnes akatokea nyuma ya nguzo, akashika kanga ya mama yake.

"Huyu ni wa nani?" bibi aliuliza.

Yunusi akatafsiri.

"Wangu," alisema Scholastika.

Bibi alimchukua mtoto wake, akasema na Yunusi kwa Kiingereza kirefu.

"Amesema nini, kaka?"

"Amesema kazi hii ni ya mtu asiye na mtoto."

"Tangazo halikusema hivyo. Katekista alilisoma mara mbili, nikasikiliza."

"Halikusema, dada. Mimi ndiye niliyeandika. Niliona neno lake ni baya, nikalifunika."

Scholastika alimtazama bila hasira, na hilo likamuumiza zaidi. "Ungeliacha baya," alisema. "Ningelisikia nikiwa kwetu." Akamfunga Agnes mgongoni, akaondoka jua likiwa kali.

Yunusi alimweleza bibi alivyokosea, akaandika upya. Kila kazi aliitaja kama mwanzo, na mwisho akaweka: "Mwenye mtoto wa kulea asije, kwa kuwa hataruhusiwa kukaa naye." Maneno ya kukaribisha aliyaacha palepale, lakini sasa yalisomeka kama mlango uliofunguliwa nusu. Sokoni watu walisoma, wakaguna, wakaenda zao. Hakuja mtu. Mtoto wa bibi alizidi kulia.

Mwishowe bibi alilegea. "Nenda Kinole. Mwambie aje na bintiye."

Yunusi alipanda mlima. Alimkuta Scholastika akipalilia migomba, mama yake karibu. Akamwamkia mama shikamoo, kisha akaueleza ujumbe.

"Agnes atalala wapi?" Scholastika aliuliza.

"Kambini, kwa wake za wafanyakazi. Wewe utalala ndani na mtoto wa bibi."

"Akiugua usiku?"

Safari hii Yunusi hakutunga jibu. "Sikuambiwa," alisema. "Nadhani hutaruhusiwa kutoka."

"Ahsante kwa kusema." Aliinama, akaendelea kupalilia. Mama yake akamletea Yunusi maji ya kunywa, naye akanywa, akaaga.

Akarudi, akamweleza bibi neno kwa neno alivyoulizwa na alivyojibu, na kwamba Scholastika haji. Bibi alilia kidogo, akageuka ukutani. Kabla ya masika alisafiri na mtoto wake kwao, akimwacha mumewe shambani. Yunusi alibaki na kazi yake. Matangazo mengine yakaja, ya wagema mpira na ya wapagazi, na kila mara meneja alilalamika kwamba karani wake anauliza mno kabla ya kushika kalamu.