Kidirisha Kilichokaa Juu ya Mama

Mtani wetu alikuja kwenye msiba wa mama pale kijijini Sepuka akavaa kanga ya marehemu, akamwigiza anavyotembea, mkono kiunoni, akitukana kuku. Tulicheka huku tunalia. Sisi ni Wanyaturu, yeye Msukuma, na utani ndivyo ulivyo. Siku ile nilimpenda. Leo nikimwona mjini nahama upande wa barabara, na wala sijutii.

Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye studio moja Singida mjini, tunahariri video za harusi na kwaya. Yeye pembeni alikuwa na ukurasa wake wa kutazama video za watu na kuzitolea maoni: video ya mtu inajaa kioo, sura yake inakaa kwenye kidirisha pembeni, anasimamisha, anachambua, watu wanavunjika mbavu. Akaitaka video ya baba.

Baba aliirekodi mwenyewe, simu ameiegesha kwenye kinu, akionyesha namna ya kuchonga mzinga wa gogo. Pembeni, chini kulia, mama amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda, na kila baba akijisifu, mama anasema, "Muongo huyo." Hatukuwa na picha nyingine ya mama akiongea. Simu ile aliyorekodia ilishakufa kwa mvua, kwa hiyo video ilibaki kwenye ukurasa wa baba tu.

Nilimwambia mtani, kuandika jina la mwenye video si ruhusa, na mwenye video si mimi, ni baba. Basi akampigia, shikamoo nyingi, na baba akakubali kwa ujumbe wa maandishi. Achukue vipande vifupi, asiitoe yote. Asimamishe aongee, asiiache ijiendee tu. Jina la ukurasa wa baba lionekane. "Na usimfunike mke wangu." Hilo la mwisho baba aliliandika peke yake, mstari wake.

Programu tuliyotumia ilikuwa na mpangilio wa tayari, na kidirisha chake kinakaa chini kulia, palepale alipo mama. Nikamwonyesha: kivute juu kushoto, kuna ukuta mtupu. Au gawa kioo nusu kwa nusu, baba juu, wewe chini. Akasema sawa dada, nimekuelewa.

Alipoipandisha niliitazama nikiwa kwenye foleni ya maji. Jina la baba lipo, vipande vifupi, maoni yapo. Na pale chini kulia, uso wake umekaa juu ya uso wa mama, umekenua meno. Sauti ya mama ilisikika, "Muongo huyo," na aliyeonekana kutikisa kichwa ni yeye. Niliacha ndoo palepale.

Nilimfuata. Hakuona hata haya. Alisema juu kushoto kunakaa nembo yake, na kwamba mtani haombi radhi, kwani msibani hakuvaa kanga? Nikamwambia msibani alicheka na sisi, ila hapa amemfanyia mama mzaha mbele ya watu wasiomjua, na baba alimkataza kwa maandishi. Akasema, "Mzee hana shida. Nilimwambia afute ya kwake watazamaji wasigawanyike, na ameshafuta."

Baba alikuwa ameambiwa na kijana wa mjini, tena mtani, kwamba zikiwa mbili zinapigana. Akafuta. Kwa adabu yake tu, mzee wa watu.

Nikauliza ile aliyoipakua yeye iko wapi. Akasema mashine ilijaa, kazi ikiisha anafuta kila kitu. Kilichobaki ni video iliyokamilika, na kwenye hiyo video ya baba na kidirisha chake vimeshakuwa picha moja. Nyuma ya uso wake hakuna mama tena. Alinieleza hayo huku anakula karanga.

Nilikwenda Sepuka. Baba alikuwa anaitazama ile ya mtani, simu ameishika karibu na macho. Nilimweleza kwamba haki ni yake, sharti limevunjwa, tunaweza kuwaandikia wenye mtandao waiondoe, na wataiondoa.

Aliuliza, "Na sauti yake itaondoka?"

Nikasema itaondoka yote.

Akairudisha nyuma, akasikiliza, "Muongo huyo," akairudisha tena. Nilianza kumweleza kwamba kilichofunikwa hakifunuliwi, nikashindwa kumaliza. Alikuwa anakisukuma kile kidirisha kwa kidole gumba, taratibu, kuelekea pembeni.

"Basi usiwaandikie," alisema. "Mwambie tu huyo kijana asogee kidogo, nimwone mama yako."